Video ipi inaleta wafuatiliaji wanaobaki? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu takwimu za YouTube

Majibu haya ni ya mwenye chaneli ya YouTube anayetaka kujua, video kwa video, nani alijiunga, nani alijiondoa, na upakiaji upi ulileta watu walioendelea kutazama. Majina ya Kiingereza yaliyo kwenye alama za kunukuu yameandikwa jinsi yanavyosomeka kwenye skrini ya YouTube Studio.

Nitaziona wapi namba za kujiunga na kujiondoa kwa kila video?

Fungua studio.youtube.com kwenye kompyuta, ingia "Analytics", kisha bofya "Advanced mode" upande wa juu. Utapata jedwali lenye mstari mmoja kwa kila video. Ongeza safu mbili: "Subscribers gained" na "Subscribers lost". Safu inayoitwa "Subscribers" peke yake haitoshi, maana inaonyesha tofauti tu baada ya kutoa waliojiondoa. Video iliyoleta watu 12 na kupoteza 2 inaonekana sawa kabisa na iliyoleta 110 na kupoteza 100, ilhali ni video mbili zisizofanana hata kidogo.

Ukimaliza, pakua jedwali kama faili la CSV au lifungue kwenye Google Sheets. Hesabu zinazofuata ni rahisi zaidi ukiwa na lahajedwali.

Kwa nini jumla ya video zote haifiki jumla ya chaneli?

Kwa sababu namba ya kila video inahesabu tu waliobonyeza kitufe wakiwa kwenye ukurasa wa video hiyo. Mtu aliyetazama video yako, akavutiwa, akaenda kwenye ukurasa wa chaneli na kujiunga hapo, hahesabiwi kwenye video ile. Hali ni hiyo hiyo kwa kujiondoa: anayepitia orodha ya chaneli zake na kuifuta yako hana video anayoandikiwa.

Kuna pia akaunti zilizofungwa na zile ambazo YouTube imezitambua kuwa feki. Zikiondolewa, idadi ya chaneli inashuka, wakati mwingine kwa siku moja, bila video yoyote kuhusika. Ukiona shimo la ghafla kwenye grafu, chagua mchanganuo wa "Subscription source" na uangalie kwanza kama kuna mstari wa akaunti zilizofungwa, kabla hujaanza kuilaumu video ya wiki hiyo.

Kwa hiyo soma namba za video kama sampuli ya kulinganisha video na video. Usizichukulie kuwa hesabu kamili ya nani ametoka wapi.

Nigawanye kwa nini ili nipate kiwango cha kujiunga?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kawaida mtu huchukua waliojiunga na kugawanya kwa utazamaji wote. Lakini sehemu ya utazamaji huo ni ya watu wanaokufuatilia tayari, na hao hawawezi kujiunga mara ya pili. Video inayopendwa sana na wafuatiliaji wako wa zamani itaonekana dhaifu bila kosa lolote.

Kigawanyo sahihi ni utazamaji wa wasiofuatilia. Kwenye "Advanced mode" chagua kichujio cha "Subscription status", kisha "Not subscribed", upate idadi hiyo kwa kila video. Kwa upande wa kujiondoa mambo yanageuka: anayeweza kujiondoa ni anayefuatilia tu, hivyo gawanya kwa utazamaji wa "Subscribed".

```
kujiunga  = subscribersGained / utazamaji_wa_wasiofuatilia * 1000
kujiondoa = subscribersLost / utazamaji_wa_wanaofuatilia * 1000
```

Tunazidisha kwa 1,000 kwa sababu asilimia zenyewe huwa ndogo mno kusomeka vizuri. "Watu 18 kwa kila utazamaji 1,000" inaeleweka haraka kuliko asilimia 1.8.

Kumbuka mambo mawili. Hali ya mtu huandikwa jinsi ilivyokuwa wakati anatazama: aliyetazama video ya kwanza kabla ya kujiunga anabaki kwenye kundi la wasiofuatilia kwa video hiyo, hata kama alijiunga dakika moja baadaye. Pili, anayetazama bila kuingia kwenye akaunti yake huhesabiwa kama asiyefuatilia. Kwa hiyo kiwango chako halisi ni kikubwa kidogo kuliko hesabu inavyoonyesha. Kosa hilo halina neno mradi unalinganisha video zako zenyewe.

Nilinganishe kwa kipindi gani?

Siku 28 za kwanza za kila video. Usilinganishe namba za maisha yote ya video, kwa sababu iliyopakiwa miaka miwili iliyopita imepitia chaneli ya ukubwa tofauti na watazamaji tofauti. Weka tarehe kwa mkono: siku ya kupakia hadi siku ya 28, kwa kila moja.

Takwimu za siku mbili za mwisho huwa hazijakamilika, hivyo subiri hadi siku ya 30 ndipo uchukue namba. Na kwa video zinazoishi kwa utafutaji, yaani zile za "jinsi ya kufanya" jambo fulani, rudia kipimo kwenye siku ya 90. Siku 28 ni chache kwao. Nyingi huanza kupata watu polepole.

Naomba mfano wenye namba.

Tuchukue chaneli ya kufundisha ushonaji yenye wafuatiliaji 5,000. Namba ni za mfano, lakini umbo lake utalitambua. Video tatu, siku 28 kila moja.

Ya kwanza ni somo la kukata shati. Utazamaji 4,200: wanaofuatilia 700, wasiofuatilia 3,500. Waliojiunga 63, waliojiondoa 4. Kujiunga ni 63 gawanya kwa 3,500, sawa na 18 kwa 1,000. Kujiondoa ni 4 gawanya kwa 700, sawa na 5.7 kwa 1,000.

Ya pili ni mkusanyiko wa magauni ya harusi, picha na muziki tu, bila somo. Utazamaji 60,000: wanaofuatilia 1,500, wasiofuatilia 58,500. Waliojiunga 234, waliojiondoa 41. Kujiunga ni 4 kwa 1,000. Kujiondoa ni 27.3 kwa 1,000.

Ya tatu ni video ya zawadi: jiunge na chaneli, acha maoni, utaingia kwenye droo ya cherehani. Utazamaji 9,000: wanaofuatilia 2,800, wasiofuatilia 6,200. Waliojiunga 310, waliojiondoa 22. Kujiunga ni 50 kwa 1,000. Kujiondoa ni 7.9 kwa 1,000.

Ukiishia hapo, zawadi ndiyo bingwa: inaongoza kwa kujiunga, na kujiondoa kwake kunakaribia kule kwa somo. Lakini hapo bado hujamaliza kusoma.

Mbona video ya zawadi haionyeshi waliojiondoa wengi?

Kwa sababu mtu hujiondoa kwenye ukurasa wa video inayomkumbusha kwamba anakufuatilia, na mara nyingi hiyo si video iliyomleta. Droo inafanyika siku ya 14. Siku mbili baadaye unapakia somo la kushona kola. Arifa inawafikia wale 310, wanafungua, wanaona si jambo lao, wanajiondoa hapo hapo. Somo la kola linaandikiwa waliojiondoa 38 kwenye utazamaji 760 wa wanaofuatilia, sawa na 50 kwa 1,000, karibu mara tisa ya somo la shati. Mwenye chaneli akiisoma namba hiyo bila kufikiri, atahitimisha kwamba watu hawapendi masomo ya kola. Ataacha masomo na kurudia zawadi, yaani atafanya kinyume cha alichotakiwa kufanya.

YouTube haikuonyeshi aliyejiondoa leo aliingia kupitia video ipi. Kiungo hicho hakipo kwenye Studio wala kwenye API, yaani njia ya kuvuta takwimu za YouTube kwa programu. Inabidi ukikisie kutokana na muda.

Nikikisie vipi?

Chukua grafu ya kila siku ya "Subscribers lost" kwa chaneli nzima, si kwa video moja. Tafuta kiwango cha kawaida kwa kuchukua siku 28 zilizotangulia video unayoichunguza, ukiacha siku zenye shimo la akaunti zilizofungwa. Kwenye mfano wetu, kawaida ni watu 2 kwa siku.

Kisha jumlisha waliojiondoa katika siku 21 baada ya droo. Tuseme ni 252. Kawaida ingekuwa 2 mara 21, yaani 42. Ziada ni 210. Kama katika siku hizo hakuna jambo jingine kubwa lililotokea kwenye chaneli, ziada hiyo ni ya zawadi.

Sasa sahihisha: 310 kutoa 210 ni 100 waliobaki. Gawanya kwa 6,200, unapata 16.1 kwa 1,000. Fanya hivyo pia kwa somo la shati: halikuwa na ziada ya siku zilizofuata, kwa hiyo toa 4 tu waliojiondoa kwenye ukurasa wake, 59 gawanya kwa 3,500 ni 16.9 kwa 1,000. Zile 50 za mwanzo zimeshuka hadi kwenye usawa wa somo la kawaida, na bado gharama ya cherehani haijahesabiwa.

Njia hii inavurugika ukipakia video mbili zenye msukosuko ndani ya wiki moja, kwa sababu ziada zinachanganyika. Ukipanga jambo la majaribio kama zawadi au ushirikiano na chaneli nyingine, liache peke yake: wiki tatu za upakiaji wa kawaida kabla yake, na wiki tatu baada yake.

Waliobaki bila kujiondoa, je, wamebaki kweli?

Si lazima. Wengi wanaoacha kupendezwa na chaneli hawabonyezi kitu, wanapita tu. Kwa hiyo waliojiondoa ni sehemu ndogo ya walioondoka, na hao 100 wa zawadi wanaweza wote kuwa kimya.

Kipimo cha kubaki ni utazamaji wa wanaofuatilia kwenye video zinazofuata. Kabla ya zawadi, somo moja lilipata utazamaji wa wanaofuatilia takriban 420 katika siku 7 za kwanza. Kwa wafuatiliaji 5,000, hiyo ni asilimia 8.4. Kama wale 100 wapya ni watu wa kweli wa chaneli, wangeongeza karibu 8 kwa kila somo.

Lakini nane kwenye 420 huwezi kuziona. Idadi ya namna hii huyumba yenyewe kwa takriban mara mbili ya kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha 420 ni 20.5, hivyo inaweza kusogea 41 juu au chini bila sababu yoyote. Hata ukijumlisha masomo sita, unatafuta ongezeko la 50 ndani ya 2,520, ambayo nayo huyumba kwa 100. Huo ni mwyumbo wa kuhesabu peke yake. Tofauti ya mada na kichwa cha video huongeza mwingine juu yake. Kwa kundi la watu 100 kwenye chaneli ya 5,000, huwezi kupata jibu la uhakika kwa njia hii, na anayekuambia ameliona anajidanganya.

Njia inafaa pale kundi linapokuwa kubwa. Chaneli ikipanda kutoka 5,000 hadi 8,000 kwa sababu ya video moja, na masomo sita yanayofuata yakabaki kwenye 420 badala ya kukaribia 670, hapo una jibu: wale 3,000 hawatazami.

Namba zangu ni ndogo. Nitajuaje tofauti ni ya kweli?

Tumia kanuni ile ile ya kipeuo cha pili. Somo la shati lilileta 63. Kipeuo cha pili ni karibu 8, mara mbili ni 16. Kwa hiyo ichukulie kuwa kati ya 47 na 79, yaani 13.4 hadi 22.6 kwa kila 1,000. Somo jingine lenye 15 kwa 1,000 halijashindwa na hili. Yako sawa tu.

Video iliyoleta watu 6 inaweza kuwa 1 au 11. Usiipange kwenye orodha yoyote. Badala yake kusanya video za aina moja: masomo ya ukataji pamoja, matengenezo ya mashine pamoja, mikusanyiko ya picha pamoja. Jumlisha waliojiunga wa kundi zima, jumlisha utazamaji wa wasiofuatilia wa kundi zima, ndipo ugawanye. Usichukue wastani wa viwango vya kila video, kwa sababu video yenye utazamaji 80 itakuwa na uzito sawa na yenye 8,000. Subiri kundi lifike angalau watu 100 waliojiunga kabla ya kuamua jambo.

Video ya magauni ilileta 234 kwa kiwango kidogo. Ni nzuri au mbaya?

Kwa idadi ni karibu mara nne ya somo la shati. Kiwango cha 4 kwa 1,000 kinasema kwamba wengi walioiona hawakuona sababu ya kurudi, na hilo ni la kawaida kwa video iliyotoka nje ya hadhira yako. Kinachotia shaka ni waliojiondoa 27.3 kwa 1,000. Angalia siku zao kwenye grafu ya video hiyo. Wakijiondoa siku tatu za kwanza, arifa ilipowafikia, hao ni wafuatiliaji wako wa zamani waliokuja kujifunza na kukutana na picha na muziki. Wakitawanyika wiki nzima, wengi ni wapya waliobonyeza na kubadili nia. Anayejiunga na kujiondoa kwenye ukurasa ule ule huandikwa pande zote mbili.

Kwa maoni yetu, hali ya kwanza ndiyo nzito. Mgeni aliyebadili nia hukuwa naye jana. Mwanafunzi wa miaka miwili aliyejiondoa ulikuwa naye.

Nizipime video za Shorts kwa njia hii?

Ndiyo, lakini peke yake, usizichanganye na video ndefu. Tangu tarehe 31 Machi 2025, utazamaji wa Shorts unahesabiwa kila mara video inapoanza kucheza au kujirudia, bila muda wa chini. Mtu akiipitisha kwa kidole, imehesabiwa. Ukigawanya kwa namba hiyo, kiwango cha kujiunga kitaonekana kimeanguka ghafla kuanzia tarehe hiyo, ilhali hakuna kilichobadilika ila kigawanyo. Tumia "Engaged views", ambayo inafuata hesabu ya zamani, hasa ukilinganisha Shorts za kabla na za baada.

Wanaojiunga kutoka kwenye Shorts huwa ni rahisi kuwapata, na swali la kuwauliza ni moja: je, utazamaji wa wanaofuatilia kwenye video ndefu unapanda pamoja nao? Jibu lake ni hesabu ya asilimia 8.4 tuliyoifanya hapo juu.

Nina video mamia. Nawezaje kuzivuta zote pamoja?

Tumia YouTube Analytics API. Ombi la kwanza linaleta kujiunga na kujiondoa:

```
GET https://youtubeanalytics.googleapis.com/v2/reports
  ?ids=channel==MINE
  &startDate=2025-09-01
  &endDate=2025-09-28
  &metrics=views,subscribersGained,subscribersLost
  &dimensions=video
  &sort=-views
  &maxResults=200
```

Ombi la pili ni la kigawanyo. Bakiza `metrics=views` peke yake na uongeze kichujio:

```
&filters=subscribedStatus==UNSUBSCRIBED
```

Hayo lazima yawe maombi mawili, kwa sababu vipimo vya kujiunga havichanganyiki na kichujio cha `subscribedStatus`. Unganisha majibu kwa kitambulisho cha video. Kikomo ni video 200 kwa ombi. Kwa grafu ya kila siku ya chaneli, weka `dimensions=day`, ondoa `maxResults`, na upange kwa `sort=day`. Siku zinakatwa kwa saa za Pasifiki za Marekani, kwa hiyo upakiaji wako wa asubuhi unaweza kuandikwa kwenye tarehe ya jana.

Nifute video inayopoteza watu?

Hapana. Waliojiondoa hawarudi kwa kuifuta, na unapoteza mstari wake kwenye jedwali, ndio uliokuwa ushahidi wako. Zaidi ya hayo, kama tulivyoona kwenye somo la kola, video yenye waliojiondoa wengi mara nyingi imebeba mzigo wa nyingine. Kabla ya kuigusa, rudi nyuma wiki nne kwenye orodha ya upakiaji na utafute siku ambayo "Subscribers gained" ilipanda kupita kawaida. Anza uchunguzi na video iliyopandisha namba siku hiyo.